Wasaa na Akiba ya Mshono: Uchoraji wa Kiolezo Msingi cha Kiwiliwili na Tofauti za Vitambaa katika Ushonaji wa Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kiolezo msingi cha kiwiliwili cha mwanamke kinavyochorwa kutokana na vipimo vya mwili, na sababu zinazofanya kiasi kinachoongezwa juu ya vipimo hivyo kitofautiane kati ya kitambaa kimoja na kingine. Mfano mmoja wa vipimo unafuatwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwanza kwa kitenge cha pamba, kisha kwa kitambaa cha jezi na vitambaa vingine vinavyouzwa katika maduka ya Kampala. Hoja kuu ni kwamba viongezo vya aina mbili, yaani wasaa wa mwili na akiba ya mshono, hufanya kazi tofauti kabisa katika nguo, ilhali katika Kiswahili cha ufundi vyote viwili huweza kuitwa "nafasi". Makala yanaonyesha kwa hesabu hasara inayotokana na mkanganyiko huo, na yanapendekeza istilahi za kutumiwa katika miongozo ya mafunzo.

1. Utangulizi

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mjadala uliofuata ulielekea zaidi kwenye shule, bunge na vyombo vya usalama. Ufundi wa mikono haukupewa nafasi kubwa katika mjadala huo. Hata hivyo, mwongozo wa mafunzo ya ushonaji ni mahali ambapo ubora wa istilahi hupimwa bila huruma. Sentensi yenye utata katika kitabu cha historia huweza kusomwa na kupitwa, lakini sentensi yenye utata katika mwongozo wa kukata nguo huharibu kitambaa kilichokwisha kununuliwa, na kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi dukani.

Kampala ni mahali panapofaa kuchunguzia suala hili. Katika vichochoro vya Kiyembe, kitenge cha pamba, satini, jezi na vitambaa vya gomesi huuzwa karibu karibu, na fundi mmoja huweza kupokea vyote hivyo kwa wiki moja. Mwili wa mteja haubadiliki anapoleta jezi badala ya kitenge. Kinachobadilika ni uhusiano kati ya mwili huo na kitambaa, na uhusiano huo ndio unaoitwa hapa *wasaa*: tofauti kati ya mzunguko wa mwili na mzunguko wa nguo iliyokwisha kushonwa.

2. Vipimo na maana yake

Kiolezo msingi ni mchoro wa karatasi unaowakilisha kiwiliwili kutoka shingoni hadi kiunoni, bila kola, bila mtindo na bila akiba ya mshono. Mitindo yote hutolewa kwake baadaye. Kwa kuwa pande mbili za mwili huchukuliwa kuwa sawa, huchorwa nusu tu ya mgongo na nusu ya mbele.

Mfano unaotumiwa hapa ni wa mwanamke mwenye vipimo vifuatavyo kwa sentimita: mzunguko wa kifua 92, mzunguko wa kiuno 74, mzunguko wa shingo 37, urefu wa bega 12.5, upana wa mgongo 35, na urefu wa mgongo kutoka mfupa wa ukosi hadi kiunoni 40. Vipimo vitatu zaidi huhitajika. Cha kwanza ni kina cha kwapa, ambacho hupatikana kwa kushikilia ukanda wa karatasi ngumu chini ya makwapa na kupima kutoka ukosi hadi kwenye ukanda huo. Hapa ni 20. Cha pili ni urefu wa mbele, unaopimwa kutoka shina la shingo begani, kupita juu ya titi, hadi kiunoni. Hapa ni 44. Cha tatu ni mahali penye kilele cha titi: 26 kutoka shina la shingo, na 9 kutoka katikati ya kifua.

Kipimo cha urefu wa mbele hupuuzwa mara nyingi, na kukipuuza ni chanzo cha blauzi nyingi zinazopanda mbele na kuacha pindo likiwa limepinda. Mwili wa mwanamke si mrefu sawa mbele na nyuma, kwa sababu utepe unaopita juu ya titi husafiri njia ndefu zaidi. Tofauti hiyo, kama itakavyoonekana, ndiyo inayotoa ukubwa wa mkunjo wa kifua.

3. Hatua za uchoraji kwa kitenge cha pamba

Kitenge hakinyumbuki, hivyo wasaa wa kawaida kwa nguo inayokaa karibu na mwili ni sentimita 8 kifuani na 4 kiunoni. Mzunguko wa nguo kifuani utakuwa 92 + 8 = 100, na nusu yake ni 50. Kwa kuwa titi liko mbele, nusu ya mbele hupewa kidogo zaidi: mgongo 24.5, mbele 25.5.

Mchoro wa mgongo huanza kwa mstari wima wa katikati. Juu yake huwekwa alama ya ukosi. Kutoka hapo hushukwa 21.5 na kuchorwa mstari mlalo wa kwapa. Hizo ni 20 za kipimo pamoja na 1.5 za kuuwezesha mkono kusogea. Kisha hushukwa 40 kutoka ukosi na kuchorwa mstari wa kiuno. Kwenye mstari wa kwapa hupimwa 24.5 kuelekea ubavuni, na hapo ndipo mshono wa ubavuni huanzia.

Upana wa shingo ni moja ya tano ya mzunguko wake kasoro 0.2, yaani 7.2. Mwisho wa upana huo huinuliwa 1.5 ili kupata shina la shingo, na mkunjiko mwepesi huunganisha shina hilo na ukosi. Kutoka shina la shingo, bega huchorwa likiwa na urefu wa 12.5 na kushuka 4 kufikia ncha yake. Nusu ya upana wa mgongo ni 17.5, na huongezewa 0.5 ili mgongo uweze kutanuka. Mstari wima wa 18 kutoka katikati ndio mpaka ambao mkato wa kwapa huugusa kabla ya kupinda kuelekea ubavuni.

Mbele huchorwa kwa mantiki ile ile, lakini shina la shingo huwekwa 44 juu ya mstari wa kiuno, si 41.5 kama mgongoni (40 pamoja na 1.5 za shingo). Upana wa shingo ni 7.2, na kina chake pia 7.2. Mstari wa kwapa huwekwa 23 chini ya shina la shingo, sawa na mgongoni. Matokeo yake ni kwamba ubavu wa mbele una urefu wa 21 kutoka kwapani hadi kiunoni, na ubavu wa mgongo 18.5. Pande hizo mbili haziwezi kushonwa pamoja mpaka 2.5 za ziada zifungwe, na hizo ndizo mkunjo wa kifua. Mkunjo huanzia ubavuni na kuelekea kwenye kilele cha titi, lakini hukomea sentimita 2 au 3 kabla ya kukifikia, kwa sababu ncha ya mkunjo hufanya kichuguu, na titi ni mviringo.

Kiunoni, mzunguko wa nguo ni 74 + 4 = 78, na nusu yake ni 39: mgongo 19, mbele 20. Mstari wa kwapa ni mpana kuliko kiuno kwa 5.5 kila upande. Katika hizo, 1.5 huondolewa kwa kuingiza mshono wa ubavuni ndani, na 4 zilizobaki huwa mkunjo wa kiuno. Hesabu hukubaliana: 1.5 na 4 hufanya 5.5 kwa mgongo, na vivyo hivyo kwa mbele.

Kabla ya kitenge kuguswa, kiolezo hukatwa kwenye amerikani, huongezewa akiba ya mshono, hushonwa kwa mishono mirefu na kujaribiwa mwilini. Makunyanzi humwambia fundi penye kosa. Yakilala mlalo kutoka titi moja hadi jingine, au yakivutana kuelekea kwapani, wasaa umepungua. Kitambaa kikining'inia kwa mikunjo wima chini ya kwapa, wasaa umezidi. Mvaaji huombwa pia kuinua mikono mbele kana kwamba ameshika usukani, kwa kuwa nguo inayokaa vizuri kwa mtu aliyesimama wima huweza kumfunga anapoanza kazi.

4. Kwa nini vitambaa hudai wasaa tofauti

Sababu ya kwanza ni mwili wenyewe. Kifua hupanuka kwa sentimita kadhaa mtu anapovuta pumzi kwa nguvu. Mgongo hutanuka mikono inapopelekwa mbele. Kiuno huongezeka mtu anapokaa au baada ya kula. Mabadiliko hayo lazima yatokee mahali fulani. Ama nguo ina nafasi ya kuyapokea, ama kitambaa kinyumbuke, ama mshono ukatike.

Kitenge hufumwa kwa nyuzi mbili zinazokatizana kwa pembe mraba: mtande unaokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio unaokwenda kwa upana. Kikivutwa kwa mwelekeo wowote kati ya hiyo miwili, uzi wenyewe ndio unaovutwa, na uzi wa pamba hurefuka kidogo sana. Kikivutwa kwa mshazari, nyuzi husogea kama fremu ya mbao iliyolegea kwenye pembe, na kitambaa hunyumbuka. Hii ndiyo sababu mstari wa katikati wa kiolezo hulazwa sambamba na mtande. Fundi anayekipindisha kiolezo ili kuokoa kitambaa hubadilisha wasaa bila kukusudia, tena kwa upande mmoja wa nguo tu.

Jezi haikufumwa kwa nyuzi zinazokatizana bali kwa vitanzi vilivyofungamana. Kinapovutwa, kitanzi hubadili umbo kabla uzi haujavutwa, hivyo kitambaa hurefuka sana kwa nguvu ndogo. Kiasi chake hupimwa kwa urahisi: sentimita 10 huwekewa alama, hukunjwa, na kuvutwa mpaka kitambaa kianze kukataa. Kikifika 12.5, kina unyumbufu wa asilimia 25. Kisha huachiwa. Kikirudi 10, kinafaa kubana mwili, kikibaki 10.5, kitalegea kwenye viwiko na kifuani baada ya kuvaliwa mara chache, na hakipaswi kupunguzwa.

Kwa jezi ya asilimia 25 inayorudi vizuri, mwanamke wa mfano huweza kushonewa blauzi yenye mzunguko wa kifua wa 88, yaani pungufu ya mwili kwa 4. Ili kumvaa, kitambaa hunyumbuka kutoka 88 hadi 92, takriban asilimia 4.5. Akivuta pumzi na kifua kufika 96, kitambaa hufikia asilimia 9 hivi, mbali bado na kikomo chake. Wasaa huu wa chini ya sifuri huweza kuitwa *wasaa hasi*. Mkunjo wa kiuno pia huweza kuondolewa, na ule wa kifua kupunguzwa au kuondolewa, kwa sababu vitanzi hujifinyanga kufuata umbo ambalo kitenge hulihitajia mikunjo. Kwa hiyo kiolezo cha kitenge hakigeuki kuwa cha jezi kwa kupunguza ubavuni tu. Mkato wa kwapa ulioshushwa 1.5 kwa ajili ya kitenge, kwa mfano, utaonekana umening'inia kwenye jezi, na utapaswa kupandishwa.

Sababu ya pili ni unene. Mwili huishi ndani ya nguo, na mzunguko wa ndani ni mdogo kuliko wa nje. Kitambaa chenye unene wa milimita 2 hupunguza mzunguko wa ndani kwa 2 × 3.14 × 0.2, yaani karibu sentimita 1.3. Kitenge ni chembamba kiasi kwamba hesabu hii haina maana kwake. Kwa koti la sufi lenye bitana, linalovaliwa juu ya blauzi, huwa na maana kubwa, ndiyo maana koti hupewa wasaa mkubwa kuliko nguo ya ndani hata pale linapotakiwa kuonekana limebana.

Sababu ya tatu ni uthabiti wa mshono. Satini hufumwa kwa nyuzi laini zinazopita juu ya nyuzi nyingi kabla ya kukatizwa, hivyo huteleza. Mshono ukivutwa, nyuzi husogea kutoka kwenye mstari wa sindano na kuacha mpasuko unaoonekana hata kama uzi wa kushonea haukukatika. Mzunguko wa 100 unaotosha kwa kitenge huongezewa sentimita 2 kwa satini, si kwa sababu mwili umeongezeka, bali kwa sababu mshono haupaswi kubeba mvuto.

Kuna pia jambo moja ambalo hufananishwa na wasaa lakini silo: kurudi kwa kitambaa baada ya kufuliwa. Kitenge chenye dondo kikirudi asilimia 3, nguo ya 100 hubaki 97, na wasaa wa 8 hubaki 5. Kuongeza wasaa mapema ili kufidia upungufu huo ni kosa, kwa sababu mtande na mshindio havirudi kwa kiwango sawa. Kitambaa hufuliwa na kupigwa pasi kwanza, ndipo kikatwe.

Gomesi huonyesha mpaka wa kanuni hizi. Wasaa wake mwingi hautokani na mahitaji ya mwili wala na tabia ya kitambaa, bali na mtindo: kitambaa huzungushwa mwilini na kushikwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, kwa mshipi mpana. Huu ni *wasaa wa mtindo*, na huongezwa juu ya *wasaa wa mwili* bila kuuondoa. Sehemu za gomesi zisizoshikwa na mshipi, hasa mabega na kwapa, bado zinategemea vipimo kama nguo nyingine yoyote.

5. Neno moja, viongezo viwili

Maagizo ya ushonaji kwa Kiswahili mara nyingi husema "ongeza nafasi". Neno hilo huweza kumaanisha wasaa, unaobaki ndani ya nguo baada ya kushonwa, au akiba ya mshono, inayoishia ndani ya mshono na kutohesabiwa tena. Tofauti hiyo ina gharama inayohesabika. Chukua mwongozo unaosema: "Gawanya mzunguko wa kifua kwa nne, kisha ongeza nafasi ya 2." Kwa mwanamke wa mfano, robo ni 23, na ikiongezwa 2 hupatikana 25. Mwandishi alikusudia wasaa wa 8 kwa robo nne, na akiba ya mshono iongezwe baadaye. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba 2 ndiyo akiba hukata 25, kisha hushona 1.5 kutoka ukingoni. Katika kila robo hubaki 0.5 tu. Nguo iliyotakiwa kuwa 100 huwa 94, yenye wasaa wa 2 badala ya 8. Itafungika mvaaji akisimama, na itavutana mara tu anapofikia kitu juu ya rafu.

Utata wa pili ni wa kizio. Tepe nyingi za kupimia zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na mafundi wengi hufikiri kwa inchi. "Ongeza 2" isiyotaja kizio, ikisomwa kwa inchi, hutoa 2 × 2.54 kwa kila robo, yaani zaidi ya sentimita 20 kwa mzunguko mzima. Matokeo ni nguo ya mtu mwingine.

Utata wa tatu ni ukimya kuhusu kitambaa. Jedwali linalotoa kiasi kimoja cha nyongeza bila kutaja aina ya kitambaa ni sahihi kwa kitambaa kile tu ambacho mwandishi alikuwa nacho akilini. Likitumiwa kwa jezi, hutoa nguo iliyolegea. Kipimo cha jezi kikihamishiwa kwenye kitenge, nguo ya 88 hutakiwa kufunika mwili wa 92, jambo lisilowezekana.

6. Hitimisho

Uchoraji wa kiolezo msingi ni hesabu fupi inayoanza na mwili na kuishia kwenye karatasi. Wasaa ndiyo sehemu pekee ya hesabu hiyo ambayo mwili peke yake hauwezi kuitoa, kwa kuwa huamuliwa pia na muundo wa nyuzi, unene, uthabiti wa mshono na mtindo. Kutokana na hilo, inapendekezwa kwamba miongozo ya Kiswahili itakayoandaliwa kwa vyuo vya ufundi nchini Uganda na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki itenganishe istilahi tatu: *wasaa wa mwili*, *wasaa wa mtindo* na *akiba ya mshono*, huku *wasaa hasi* ukitumiwa kwa vitambaa vya vitanzi. Neno "nafasi" liachwe kwa matumizi ya jumla. Kila kiasi cha wasaa kiandikwe pamoja na kizio chake, aina ya kitambaa, na ufafanuzi iwapo ni cha robo au cha mzunguko mzima. Mapendekezo haya yapimwe kabla ya kuchapishwa kwa njia rahisi: wanafunzi wapewe maagizo na vipande vya amerikani bila maelezo ya mdomo, kisha nguo zao zipimwe kwa utepe. Zikitofautiana kifuani kwa zaidi ya sentimita moja au mbili, sentensi za mwongozo ndizo zirekebishwe kwanza.